Mstari wa Ufagio

Ofisini walimwita Ufagio, na jina lilimkaa. Akiona kazi ya mwenzake ina vumbi hatulii mpaka aifagie, hata kama hakuna aliyemtuma. Jana alikuwa akipitia fomu ya kuombea nafasi chuoni, ambayo kampuni yao ilikitengenezea chuo, akaona kwamba pale vyeti vinapotumwa hapakuandikwa ni mzigo wa aina gani. Kwingine kote pameandikwa, hapo patupu. Akaongeza kwa mkono wake mstari mmoja wa kuitaja aina hiyo: Content-Type, multipart/form-data. Akajaribu kutuma cheti kwa programu yake ya majaribio, kikapita, akaipanga fomu mpya ipande mtandaoni asubuhi, akafunga kompyuta akaenda zake. Programu ile huandika mstari wake yenyewe na wala haigusi fomu, lakini nani angemwambia Ufagio kitu siku hiyo?

Leo saa tisa na robo mdogo wake akapiga simu kutoka nyumbani kwa mama yao.

"Dada, imekataa tena. Hii ya tatu."

Dirisha la maombi lilikuwa linafungwa saa kumi. Mwaka jana binti huyu alilikosa kwa kumuuguza mama, na alikuwa ameapa kwamba mwaka huu halikosi.

"Picha zako kubwa mno," Ufagio akasema.

"Nimezipunguza mara mbili."

"Basi ni hiyo simu yako. Imechoka, nilishakwambia."

"Labda chuo si fungu langu, Dada," akasema mdogo mtu, akakata.

Ufagio akasimama, akaketi, akasimama tena. Akaenda dirishani, hakuona hata alichokuwa akikitazama. Mwenzake wa meza ya pili, mtunza seva ambaye walimwita Babu kwa sababu ya upara wake wa mapema, akageuza kiti.

"Wewe, kuna maombi yananijia seva inashindwa kuyasoma. Inasema haioni alama ya mpaka."

"Itazame seva yako."

"Seva yangu sijaigusa wiki mbili. Fomu nani kaigusa?"

Akafungua fomu kwenye kivinjari, kama wafanyavyo waombaji, akatuma cheti cha kujaribia, akakitazama kinavyoondoka. Ukweli ukawa mbele ya macho yake, mweupe pe.

Fomu yenye mafaili husafiri kama mzigo mmoja mrefu: jina, namba, vyeti, vyote mfululizo. Kivinjari hubuni alama ya mpaka na kuiweka katikati ya kipande na kipande, kisha huitaja alama hiyo juu kabisa, pembeni ya aina ya mzigo, ili seva ijue pa kukata. Lakini mtu akijiandikia aina kwa mkono, kivinjari hakimpingi wala hakiongezi kitu. Mipaka bado ilikuwamo ndani ya mzigo, ila juu hapakuwa na kitu cha kuiambia seva ni ipi. Pale palipokuwa patupu, palikuwa patupu kwa sababu kivinjari kilipajaza chenyewe. Yeye na usafi wake ndio waliopaharibu.

Akaufuta mstari, akapandisha fomu mpya, akajaribu kwa kivinjari chenyewe safari hii. Ikapita. Saa tisa na dakika arobaini na tatu.

Simu ya mdogo wake ilikuwa imezimwa. Akampigia mama.

"Yupo, kajifungia chumbani," mama akasema. "Hataki kusikia habari za chuo wala zako."

"Mwambie simu yake ni nzima, Mama. Kosa ni langu. Nimekosea mimi."

Akamsikia mama akigonga mlango na kuyarudia maneno yale moja moja, kwa sauti, na aibu ikampanda hadi masikioni. Mlango ukalia.

"Nifanyeje?" mdogo wake akauliza.

"Funga ukurasa, ufungue upya kabisa. Ule wa zamani bado una kosa langu."

Alisubiri akitafuna kucha, mtu mzima mzima. Saa tisa na dakika hamsini na tatu sauti ikarudi, ndogo: "Imeandika imepokelewa."

Ufagio akaketi. Kisha akamgeukia Babu.

"Yaliyokataliwa tangu asubuhi ni mangapi?"

"Sitini na tatu."

"Nipe majina, niwapigie."

"Majina yamo ndani ya fomu," Babu akasema taratibu, "na fomu hazikusomeka."

Matatu yalikuwa ya mdogo wake. Yale sitini yaliyobaki yalikuwa ya watu ambao pengine muda huu walikuwa wakizilaumu simu zao. Ufagio akaingia kwa bosi bila kubisha hodi.

"Pigia chuo wasifunge saa kumi. Fomu ilikuwa inakataa watu tangu asubuhi, na aliyeiharibu ni mimi."

Bosi akamtazama. "Mbona hakuna aliyelalamika?"

"Amelalamika mmoja," akasema. "Ni mdogo wangu, na nikamwambia simu yake mbovu."

Bosi akaivuta simu ya mezani.