Vioo Viwili vya Ndugu Zenon

Atuganile hakuwa mtu wa kuonewa, na mkataba wake wa nyumba aliujua kwa moyo.

"Kifungu cha nne, Mzee Saad! Kuta, bati na msingi ni juu ya mwenye nyumba. Mimi ni chokaa ya ndani na madirisha, basi!"

"Shemeji, kuvu haioti bure," Saad alisema, kofia mkononi. "Unapika ndani, unafunga madirisha. Na saruji siku hizi mpaka kibali. Nitaitoa wapi mimi?"

Hawakuelewana. Baraza la Kodi za Nyumba likamtuma Ndugu Zenon, fundi mzee wa Kifipa asiyependa kelele. Alisogeza kabati la chumbani, akabandika vioo viwili vya dirisha ukutani, kimoja karibu na sakafu, kingine juu pembeni. Akaziba kingo zote kwa putini ili hewa isipite, akaenda zake.

Siku ya tatu akarudi na Saad. Akachungulia kioo cha chini. Kilikuwa kimelowa kwa nyuma.

"Maji yanatoka ukutani. Nje udongo umepanda kuliko msingi, na mfereji wa bati umetoboka. Hii ni ya Mzee Saad."

Atuganile nusura apige vigelegele. Hee, si nilisema!

Kioo cha juu, penye madoa meusi, kilikuwa kikavu nyuma. Matone yalikuwa upande wa chumbani.

"Huu ni mvuke wa humu humu," Zenon alisema. "Mama, dirisha hili hufunguliwa lini?"

Jamani, angesema nini? Tangu mumewe Andwele azikwe, jiko la uani lilimshinda. Kukaa kule peke yake na sufuria moja, hapana. Alipikia chumbani, mlango wa ndani wazi, akitazama kabati lenye koti la marehemu. Dirisha alilifunga kwa sababu koti lilikuwa bado na harufu yake, na upepo wa Ufipa hauachi kitu. Akisema kweli, nusu ya kesi imekwenda. Lakini si kesi iliyomtisha. Alijua watakachomwambia afanye.

"Halijafunguliwa tangu Oktoba," alisema.

Saad, aliyekuwa amebeba jeneza la Andwele pamoja na wengine, alitazama sakafu. Kisha akasema, "Andika ukuta wote ni wangu, Ndugu Zenon. Na chokaa pia."

"Naandika. Lakini dirisha lisipofunguliwa kila siku, kuvu itarudi."

Walipoondoka, Atuganile alisimama kitambo mbele ya komeo la dirisha. Kwanza alitaka kunusa mara ya mwisho, ashibe. Akafungua kabati, akalitoa koti, akaliweka usoni.

Mgongoni lilikuwa na madoa ya kijani. Lilinuka kuvu tupu. Alivuta pumzi tena na tena, akamtafuta kolani, kwapani, mifukoni. Andwele hakuwemo.

Miezi yote ile alikuwa amefungia kuvu.

Alilikumbatia akalia kwa sauti, kisha akafungua dirisha, na baridi ikaingia.