Kibwebwe cha Mama

Wateja walimwita Rangi, kwa sababu shati lake lilikuwa na wino wa kila tangazo alilowahi kuchapisha. Siku moja mwanamke mwenye mgahawa alimjia na ombi zito. Mama yake alikuwa amefariki bila kuacha hata picha moja, na mgahawa ulikuwa unafunguliwa kesho yake. Alitaka mama awe ukutani.

"Andika, kaka," alisema, amefumba macho. "Mama anatenga ugali. Amejifunga kibwebwe."

Programu ya kuchora picha kwa maneno ilikuwa inasikia Kiingereza zaidi kuliko Kiswahili, basi Rangi akatafsiri chapuchapu: uji mzito, mkanda kiunoni. Kioo cha kompyuta kikajaa ukungu, na ndani ya ukungu mtu akaanza kujikusanya polepole, kama anayerudi kutoka usingizini. Akatokea mwanamke wa kutisha, mkanda wa ngozi kama askari, kilemba kirefu cha kugonga mwezi, mkononi bakuli la uji wa maziwa.

"Huyu anakuja kunikamata," alisema mteja.

"Atakunywa uji kwanza, dada."

Hakucheka. "Mama yangu hakuwahi kuvaa mkanda."

Rangi akaona aibu. "Basi nioneshe. Majina tuyaache."

Dada akavua kanga ya mabegani, akaikunja kwa urefu, akajizungushia kiunoni juu ya gauni, akakaza, akachomeka ncha. Rangi akaandika kwa Kiingereza kile tu alichokiona: kitambaa chepesi cha pamba, pindo pana pande zote, kimekunjwa, kimekazwa kiunoni, ncha imechomekwa. Ugali akauandika kilima cheupe cha unga wa mahindi, kigumu, kimepinduliwa juu ya sahani, hakichuruziki. Alipoongeza kwamba hapana kijiko, mashine ikaleta viwili, kaidi kama mbuzi. Akalifuta neno lenyewe, akaandika kwamba ugali unamegwa kwa mkono.

Ukungu ukarudi. Safari hii chumba kizima kilinukia moshi wa kuni, au ndivyo Rangi alivyoapa baadaye kwa kila aliyekubali kumsikiliza.

Dada alitazama kiuno, akatazama sahani, akafika usoni.

"Uso si wake."

"Hauwezi kuwa wake, dada. Mashine haikumjua."

Ubaridi ukapita kati yao. Kisha dada akasema taratibu, "Akitenga, mimi nilikuwa nakaa nyuma yake, mlangoni. Mgeuze."

Rangi akaandika kwamba anaonekana kwa nyuma, ameinamia sahani. Mgongo ukajitokeza, kibwebwe kimekazwa, mvuke ukipanda pembeni ya bega.

Dada akavuta kiti, akakaa nyuma ya mgongo ule. Rangi alipotaka kuuliza ukubwa wa karatasi, dada akamnyamazisha kwa mkono.

"Subiri, kaka. Bado anatenga."