Jina Alilobaki Nalo Klara

Haya nayasema kwa ruhusa ya Silvano na dada yake Klara. Kila mmoja nilimuuliza peke yake. Bila hivyo ungenikamua mpaka asubuhi usipate kitu, maana mimi Modesta ni msuluhishi, na mdomo wangu ndio kazi yangu.

Walikuja ofisini kwangu hapa Lushoto wakigombania shamba la marehemu mama yao, kule juu njia ya Irente. Walikaa mwisho kwa mwisho wa benchi, hawatazamani. Kabla ya lolote niliwaeleza, kwa Kiswahili, kisha kwa Kishambaa: nitaongea na kila mmoja faragha, na atakachosema sitampelekea mwenzake mpaka aniruhusu. Isipokuwa kimoja. Nikisikia kuna mtu anakwenda kuuawa au kuumizwa, hicho nitakisema kwa wanaoweza kukizuia.

"Ndiyo, ndiyo," Silvano akanikata.

Sipendi "ndiyo, ndiyo" ya namna hiyo hata kidogo. "Hebu nirudishie kwa maneno yako, kaka," nikamwambia.

"Nikisema namuua mtu, utanisema." Akacheka. Klara naye alirudia, na wote wakakubali tuanze.

Klara faragha alikuwa na hasira tu, akanieleza mipaka na mapeasi. Silvano alipoingia na mlango kufungwa, lahaula, mwanaume yule alilia! Alisema tangu mama afe hakuna anayemwita Zumbe. Mama ndiye alimpa jina hilo, la kichifu, kwa utani, kwa sababu utotoni Silvano alikuwa hali mpaka apakuliwe wa kwanza. Aliyebaki analijua ni Klara peke yake.

"Shamba nimeling'ang'ania ili aje hata kugombana. Asingekuwa na sababu ya kuja. Lakini usimwambie, mama. Nakuomba."

"Simwambii," nikasema.

Laiti angeishia hapo! Akafuta macho, sura ikabadilika. Alisema Klara amemdharau vya kutosha. Jumamosi akija kuchuma mapeasi atamkuta shambani na panga, na hatatoka mzima.

"Unasema kwa hasira au umeazimia?"

"Nimeshalinoa."

Nikamkumbusha nilichowaambia mwanzoni, na alichonirudishia mwenyewe akicheka. Nikampa nafasi ya kuyafuta maneno yake. Hakuyafuta. Basi nikamwambia usoni: usuluhishi umekwisha, na tishio hili nakwenda kulisema kwa Klara na polisi.

"Na yale mengine?" akauliza.

"Yale mengine ni yako."

Klara nilimwambia asikanyage shambani Jumamosi, na kwa nini. Polisi niliwaeleza hilo hilo. Askari alitaka kujua mengine tuliyoongea, nikamwambia afande, la hatari umelipata, lililobaki halimuumizi mtu. Alinuna. Na anune! Silvano alikamatwa, akakiri, na mahakama ikamwekea masharti ya kutunza amani na kutomkaribia dada yake.

Tangu hapo Klara akawa anapita ofisini kila siku ya soko, kikapu kichwani.

"Shikamoo, mama. Kaka yangu hakusema kingine? Panga tu?"

"Marahaba. Ya faragha sisemi, yawepo yasiwepo. Hata yako sikumpelekea."

Anaondoka. Nilikuwa namwangalia akishuka njiani, moyo unaniuma kweli kweli. La kumtisha nilikuwa nimempa lote, na la kumponya nimelikalia. Nilipanda kwa Silvano kumwomba ruhusa. Alikuwa anapalilia kabichi, hakuinua hata kichwa. "Atasema namtafutia huruma. Acha," akanijibu.

Siku moja Klara alitua kikapu chini, akakaa. "Basi usinipe lake. Mpelekee langu. Nakutuma mwenyewe, nimekubali alisikie. Mwambie silali vizuri. Mwambie nikipakua chakula nyumbani kwangu, mkono bado unatenga sahani ya kwanza." Akakaza midomo. "Mwambie Zumbe chakula kinapoa."

Nilikunja uso nijifanye sikushtuka, nikachukua kanga yangu na kupanda ile njia nikihema. Nilimkuta Silvano kwenye mapeasi ya mama yao. Yalikuwa yameanguka chini mengi, hayajaokotwa.

Nikampa maneno ya dada yake kama yalivyo, bila kuongeza langu.

Silvano alikaa chini palepale.

"Rudia," akasema.

"Zumbe, chakula kinapoa."

"Amesema Zumbe? Yeye mwenyewe?"

"Yeye mwenyewe."

Alilia mpaka nikatazama pembeni. Kisha akasema, "Lile langu, mama. Nimekuruhusu. Nenda kamwambie, na mimi nikaombe mahakama iniache nikale."