Ajali Mbili kwa Mwaka

Shule niliacha darasa la saba, lakini wenzangu kiwandani walinichagua nikae kwenye kamati ya kumtafuta afisa usalama. Nilikubali kwa sababu moja tu: mdogo wangu anafanya kazi kwenye msumeno namba tatu.

Mezani tulikuwa watatu. Meneja, mama wa ajira, na mimi na vumbi langu la mbao.

"Huyu ndiye," meneja akasema, akigonga sivii ya mwombaji mmoja kwa kalamu. "Alikotoka kakuta ajali thelathini na moja kwa mwaka, kaacha mbili. Muda wa mashine kusimama kaupunguza kwa asilimia themanini. Mnataka nini tena?"

Mama wa ajira alikuwa ameandika majukumu ya kwenye tangazo letu: kukagua mashine, kufundisha watu, kusimamisha mashine yenye hatari. Mbele ya kila moja kaacha nafasi ya ushahidi. Kwa huyu jamaa, zote zilikuwa tupu.

"Namba naziona," akasema. "Sioni alichofanya mpaka zikashuka. Halafu sisi tunatafuta mtu wa kusimamisha mashine, bosi. Huyu anajisifu hazisimami."

"Labda zilikuwa nzima."

"Labda. Tumuulize."

Jamaa akaingia, shati limenyooka, tabasamu halimtoki.

"Kaka," nikamwambia, "ajali zilishukaje? Ulifunga kinga kwenye misumeno, au?"

"Nidhamu, ndugu yangu. Kila aliyeripoti kuumia nilimpa barua ya onyo kwa uzembe. Miezi mitatu tu, kimya."

"Na siku za kuugua zilishuka?" mama wa ajira akauliza.

"Hizo hazikuwa za idara yangu."

Alisema hivyo bila kupepesa macho.

Alipotoka, mama wa ajira akasogeza sivii nyingine, ya dada mmoja.

"Huyo ajali zilipanda!" meneja akaguna. "Kutoka tisa mpaka ishirini na sita!"

"Kwa sababu aliwaambia watu waseme hata mikwaruzo. Soma chini. Waliolazwa hospitali walikuwa sita, mwaka uliofuata hakuna hata mmoja. Kinga kumi na nne kafunga, na tarehe zake. Mara ngapi kasimamisha mashine, na kwa nini, yote yapo."

"Mama, makao makuu wanasoma mstari mmoja. Nikiwapelekea ishirini na sita watanicheka."

"Bosi," nikasema, "hao wafanyakazi wa ajali mbili, vidole vyao umevihesabu?"

"Wewe umeitwa kusikiliza."

Uamuzi ulikuwa wa meneja. Mimi na mama wa ajira tuliandika kwamba tumepinga, tukatoka.

Jamaa alianza Jumatatu. Alipita kila mashine akitusalimia kwa upole, akiandika majina. Jumatano barua ya kwanza ya onyo, ya mwenzetu aliyeripoti kuumia, ikabandikwa mlangoni. Wote tukaisoma, hakuna aliyecheka.

Ijumaa mchana msumeno namba tatu ulikuwa unaunguruma kama kawaida. Mdogo wangu alikuwa amesimama pembeni, mkono wa kushoto kauficha ndani ya koti. Kitambaa cha koti kilikuwa kimelowa damu.

"Nini hiyo?"

"Nyumbani, bro," akasema, akiangalia nyuma yangu. "Nimejikata nyumbani."

Nikageuka. Jamaa alikuwa ananitabasamia.