Mchezo Usiolowa

Dukani kwa Prudencia, Mkuyuni, mteja haruhusiwi kusema "nipe mchezo mzuri". Waliosema hivyo walirudi kesho yake na boksi limefunguliwa, wakidai mtoto kaukataa. Siku hizi anayetaka mchezo wa zawadi hupewa karatasi na kalamu, aeleze unamwendea nani. Ngosha, mwalimu kijana kutoka Misungwi, aliegemea kaunta akaandika:

"Dada, mchezo ni wa mpwa wangu, Shimba."

Prudencia alishusha treni ya plastiki yenye tembo. Akasoma mstari wa pili, akairudisha.

"Ana miaka hamsini na minane. Mama yake ni dada yangu mkubwa, mimi ni wa mke mdogo. Anaishi peke yake, kwa hiyo uchezeke na mtu mmoja, na Jumamosi nikija tucheze wawili. Macho hayaoni maandishi madogo. Drafti ameicheza hadi imemchosha. Dadu hataki, anasema bahati imeshamchezea vya kutosha. Usiwe wa kunyang'anyana viwanja, tafadhali. Umshughulishe akili nusu saa au zaidi. Usiwe wa karatasi, maana ziwa limo chumbani kwake. Nina elfu arobaini."

"Maji yanafika wapi?" Prudencia aliuliza.

"Magotini. Akikaa bure yanapanda. Juzi yaligusa godoro."

"Yana mawimbi?"

"Kidogo, jioni."

Prudencia aliandika pembeni: vipande vizito.

Shimba alikuwa na kiwanja ufukweni Igogo, chenye mipapai na nyanya, na mtumbwi mbele yake. Nyanya na samaki wa pale ndio waliomlipia Ngosha ada tangu kidato cha kwanza hadi chuo, na Shimba hakuwahi kumkumbusha hata siku moja. Kisha ikaja kampuni na hati ambayo hakuna jirani aliyejua ilitolewa lini, ikajenga ukuta. Shimba alipanga chumba ng'ambo ya barabara. Wiki hiyohiyo ziwa likamfuata, likaingia chumbani, na halikutoka hata mlango ulipoachwa wazi. Dorotea, mwenye nyumba, alilalamikia soketi tu, akaita fundi azipandishe. Ngosha aliogopa, tena sana, kwamba usiku mmoja maji yangepita kitanda Shimba akiwa usingizini.

Prudencia alizunguka rafu zake. Mchezo wa kununua mitaa na kutoza kodi, ambao ndio unaouzika kuliko yote, aliupita bila kuugusa. Wa karata ungevimba. Mwingine, wa kuokoa watu mlimani kwa pamoja, ulifaa kabisa, ila kila kadi ilikuwa na aya nzima ya Kiingereza. Mwishowe alishusha mfuko wa turubai.

"Mpya ni elfu tisini. Huu ulirudishwa bila boksi, nakuachia kwa thelathini na nane. Boksi lingelowa tu."

Alimwaga vigae vya pembe sita kwenye kaunta, vya plastiki nzito, vimechorwa maji, nyasi, miti na nyumba, bila neno hata moja. Akamfundisha. Unatoa vitatu mfukoni, unachagua kimoja, viwili vinarudi. Hivyo bahati ina sauti, lakini wewe ndiye unayeamua. Upande wa maji ukutane na maji, nyasi na nyasi. Kila mtu anajenga nchi yake, hakuna anayemgusa mwenzake. Maji yasiyokatika yana alama nyingi, na nyumba ina alama ikiwa imegusa maji. Ukicheza peke yako, unashindana na alama zako za jana. Mfuko ukiisha, mmemaliza.

"Akishindwa kuelewa, anipigie," alisema. "Usimwambie ni rahisi. Watu wazima huchukia kuambiwa hivyo."

Ngosha alimshukuru hadi Prudencia akaona haya.

Jumamosi alimkuta Shimba kitandani, miguu majini.

"Shikamoo, mjomba," alisema Shimba, aliyependa kumtania hivyo.

"Marahaba," akajibu Ngosha.

Walivuta meza. Ngosha alieleza, Shimba akacheza taratibu, akirudisha vigae ambavyo mwingine angevigombea. Katikati ya mchezo dagaa mmoja alipita chini ya kiti. Maji yalishuka hadi vifundoni, yakatulia hapo.

Mfuko ulipoisha, Shimba alikuwa na alama chache. Nyumba yake ilikuwa ufukweni, miti nyuma yake, na katikati ya nyasi kulikuwa na pengo wazi.

"Hapa ulikosa kigae?" Ngosha aliuliza.

"Hapana. Ni njia ya kuchotea maji. Watu wote wa mtaa walikuwa wakipitia kwangu." Akagusa pengo lile kwa kidole. "Asante, mjomba. Asante sana."

"Mimi ndiye wa kukushukuru," Ngosha alisema, na alilia kidogo.

Nje, ukuta ulikuwa umepakwa rangi mpya wiki hiyo, na akina mama waliuzunguka kwa njia ndefu, ndoo zao vichwani. Shimba aliwatazama dirishani mpaka wa mwisho akapita. Kisha akarudisha vigae mfukoni, akakunja suruali iliyoanza kulowa tena, akautikisa mfuko.

"Anza wewe," alisema.