Mita Mia Nane za Kokoto Kavu

Jumamosi saa sita mchana injinia alifungua kompyuta yake, nami nikafungua daftari langu la kazi za kila siku. Ofisi yetu ni kontena, na saa hiyo ni tanuri. Kila wiki tunakaa hivyo: mimi nasema barabarani pamefanyika nini, yeye anaandika ripoti ya kwenda kwa mhandisi mshauri.

"Mpango ulitaka asilimia sitini," akasema. "Kwa daftari lako, Mzee, tumefika sitini kamili."

Nilijua. Bosi wetu aliahidi kwamba tukifika sitini, msimamizi atakwenda nyumbani wiki mbili. Msimamizi ni mimi. Miezi mitano sijauona mlango wangu. Juzi mke wangu aliniambia kwenye simu, "Kitinda mimba wako anamwita mjomba wake baba. Nimechoka kumsahihisha."

"Ila kuna hii," injinia akasema.

Karatasi ya maabara. Tabaka la kokoto tulilolaza Jumatano, mita mia nane, lilikuwa limeshindiliwa asilimia tisini na nne. Inatakiwa tisini na nane. Sababu niliijua. Pampu ya boza la maji iliharibika, jua linawaka, nikaamuru rola iendelee hivyo hivyo. Kokoto kavu hazishikani hata ukizipitishia tembo. Jioni nikaandika: imekamilika.

"Majibu yamekuja leo, na ripoti inaishia jana," akasema bila kuniangalia. "Mtu angeweza kuyaweka wiki ijayo."

"Mtu gani?"

"Bosi. Amepiga simu mara tatu."

"Njia ya mwongo fupi."

"Yetu ni kilomita tisa, Mzee."

Tukacheka kidogo, kicheko cha watu waliochoka. Nikapiga mstari juu ya neno langu, nikaandika chini yake: imefeli, irudiwe. Nikatia sahihi na tarehe.

Akaanza kuchapa. Kazi iliyofanyika, asilimia hamsini na saba. Tumechelewa siku kumi. Kokoto zifumuliwe, zimwagiwe maji, zishindiliwe na kupimwa upya. Hatari: karavati la kilomita ya sita halijafukiwa pembeni na mvua ziko mlangoni. Kwenye sababu akasita.

"Niweke boza liliharibika?"

"Weka. Na weka kwamba msimamizi aliruhusu rola bila maji. Wakisoma boza peke yake watanunua pampu, mimi nitarudia ujinga ule ule."

"Likizo yako itakatika."

"Imeshakatika."

Nikatoka nje, nikampigia mke wangu.

"Jumatatu siji."

"Barabara?"

"Barabara."

"Wameharibu wao au wewe?"

"Mimi."

Akavuta pumzi ndefu. "Basi tengeneza uje. Huyu nitaendelea kumsahihisha."

Dereva wa greda alikuwa anakula kwenye kivuli cha mashine yake. Nikamwambia tunafumua mita mia nane.

"Zile za Jumatano?"

"Zile zile."

Akasonya, akafunika chakula. "Boza limepona?"

"Limepona."

Akapanda.