Milioni Mbili na Mia Tano

Kwa miaka mitano fundi cherehani alikuwa akifunga kibanda chake saa kumi na moja, na badala ya kushika njia ya kwenda chumba alichopanga, alizunguka mtaa wa nyuma ili aione nyumba ya mama yake. Hakuingia. Alipita upande wa pili wa barabara, kama mtu mwenye safari zake, akatazama kizingiti cha saruji ambapo mama alizoea kukaa akichambua mboga na kuwatania wapita njia. Siku hizo walikaa wapangaji. Viatu vya watu asiowajua vilipangwa pale pale.

Nyumba iliuzwa mama alipokuwa mgonjwa. Hospitali ilitaka fedha haraka, na kaka yake, dereva wa malori, akamwendea mwuza mbao aliyeitwa na wote Mzee wa Mbao. Wakaelewana kiungwana: nyumba iende kwake, lakini fedha zikirudishwa ndani ya miaka mitano, nyumba irudi. Mama hakumaliza hata miezi miwili. Kaka akapata kazi nchi ya mbali, akaondoka, akamwachia dada yake karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nne.

Ilisema: "Leo Jumatatu nimepokea kwa Mzee wa Mbao milioni mbili na mia tano. Nikizirudisha ndani ya miaka mitano nyumba ni yetu."

Karatasi hiyo ndiyo iliyomfanya fundi ashone sare za shule mpaka vidole vikafa ganzi. Alilinyima tumbo, akainyima miguu viatu. Mwaka wa tano ulipokaribia kwisha alikuwa na milioni mbili taslimu, na juu yake noti ya mia tano aliyoikunja peke yake. Akavaa gauni lake la heshima, akaenda ghala la mbao.

Mzee wa Mbao alihesabu taratibu, akaishika ile noti ya mia tano na kuitazama kama mtu aliyepewa chenji pungufu.

"Mwanangu, hii ni nini?"

"Mia tano, mzee. Kama ilivyoandikwa."

"Mia tano elfu, mwanangu. Milioni mbili na nusu. Nani anauza nyumba kwa milioni mbili na shilingi mia tano? Hiyo mia tano ya kununulia nini, kiberiti?"

Fundi akafungua karatasi yake, mzee akaleta ya kwake. Zilifanana neno kwa neno. Hakuna tarakimu hata moja. Kila mmoja alisoma maneno yale yale akaona fedha yake.

Akampigia kaka yake simu palepale, kipaza sauti kikiwa wazi.

"Dada, ilikuwa mbili na nusu. Niliandika kama tunavyosema. Sikuwaza."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Hukuniuliza, dada. Nami niliona aibu kukuuliza umefikia wapi, mimi mwenyewe sijatuma kitu."

Fundi alikata simu bila kuaga. Hakuwa na mtu wa kumkasirikia. Mzee hakumdhulumu, kaka hakudanganya. Machozi yalimdondokea juu ya zile fedha, na Mzee wa Mbao akageuka kutazama mbao zake.

"Sikiliza," akasema mwishowe. "Nami nina mama aliyezikwa. Nakupa miezi mitatu umalizie. Lakini safari hii tusiandike kwenye daftari. Twende kwa Bibi Nukta."

Bibi Nukta alikuwa mpiga chapa aliyekaa kwenye veranda ya jengo la mahakama, mwanamke mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alisoma ile karatasi ya daftari, akacheka mpaka akakohoa.

"Jumatatu! Jumatatu ya mwaka gani? Na milioni mbili za nini, za maembe? Hata neno shilingi hamna." Akaingiza karatasi mpya kwenye mashine. "Mzee, mbao zako zinatoka ng'ambo ya mpaka. Kule nao wana shilingi yao?"

"Wanayo."

"Basi." Akasema kila penye shilingi ataongeza jina la nchi. Kisha akapiga, akisoma kwa sauti: "Leo, tarehe 14 Machi 2019, mwuzaji amepokea kutoka kwa mnunuzi shilingi milioni mbili na shilingi mia tano tu, mabano, 2,000,500, funga mabano."

"Hiyo 'tu' ya nini?" fundi akauliza.

"Ya kufunga mlango. Usipoiweka, mwenye kalamu ataongeza neno mbele. Na tarakimu nazibananisha na mabano, asipate mtu pa kuchomeka moja."

Salio likaandikwa hivi: shilingi laki nne, tisini na tisa elfu na mia tano tu (499,500), kulipwa kabla ya kupita tarehe 14 Juni 2019. Juni aliiandika kwa herufi. "Namba tupu za siku na mwezi," alisema, "mmoja husoma kushoto, mwingine kulia." Alipokosea herufi moja katika salio hakufuta, aliichana karatasi, akaanza upya. Nakala mbili, saini tatu pamoja na ya shahidi, kila mtu akaondoka na yake.

Fundi alirudi kwenye cherehani. Ile miezi mitatu alikuwa akisikia sauti ya mama kwenye mlio wa sindano, na mara mbili alijikuta amesimama na kuitika "bee!" kibandani peke yake.

Tarehe saba Juni alikuwa na fedha zote. Alipofika ghalani akakuta viti vya msiba. Mzee wa Mbao alikuwa amezikwa juzi yake. Fundi akakaa na wafiwa mpaka watu wakapungua, kisha akaona haya kutaja shida yake. Akarudi siku ya tatu.

Mtoto mkubwa wa marehemu alimpokea kwa adabu, lakini akatikisa kichwa.

"Dada, baba aliniambia ni laki tano, na mwisho ulikuwa Mei. Tena kuna mtu nimeshamwahidi ile nyumba."

Fundi hakubishana. Akamwekea mezani hati ya Bibi Nukta. Kijana akaisoma, akafungua sanduku la chuma la baba yake, akatoa nakala ya pili, akaziweka sambamba. Kidole chake kilipita juu ya maneno, kikapita juu ya tarakimu, kikasimama kwenye Juni. Akainua macho.

"Baba alikuwa anasahau siku za mwisho," akasema polepole. "Nitamwambia yule mtu."

Akazihesabu fedha, akaandika stakabadhi, kwa maneno na kwa tarakimu, akiiga hati ile mstari kwa mstari. Wapangaji wakapewa mwezi mmoja.

Siku aliyokabidhiwa funguo, fundi aliingia mapema asubuhi. Kuta zilipakwa rangi nyingine. Jikoni palinukia mafuta ya watu wengine. Alipita chumba kwa chumba akitafuta alichokikosa miaka yote ile, akakuta vyumba tu, vyeupe na vitupu. Akaketi sakafuni akalia kwa sauti, pasipo kumwonea mtu aibu. Alipotulia akampigia kaka yake, wakazungumza juu ya mama mpaka salio la simu likaisha.